Shemeji, wifi na binti wa dukani: kisa cha karata tatu za watu zilizopinduka

Kisa hiki kinatoka Uganda. Muulizaji ameridhia kiandikwe, nami nimebadilisha mji, viwango vya pesa na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yeye au ndugu zake. Nakiandika kwa ajili ya wasomaji wa karata za taroti ambao wakiona karata ya mtu imetoka kichwa chini humwambia mteja, "Kuna mtu mbaya karibu yako," kisha wakapita kwenye karata nyingine. Kauli hiyo imeshavunja nyumba. Mteja huondoka nayo, akifika kwake anaanza kutazama nyuso za watu mezani, na kabla ya Ijumaa ameshampata mbaya wake.

Kwanza majina, tuelewane. Karata za taroti ni 78, na kati ya hizo 16 ni karata za watu. Watu hao wamo katika makundi manne ambayo mimi nayaita kwa majina yale yale ya karata zetu za kawaida: Kopa ni vikombe, Shupaza ni panga, Uru ni sarafu, na Pau ni fimbo. Kila kundi lina Tarishi, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme. Natumia karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909, na picha ninazozieleza hapa ni za karata hizo.

## Usuli

Muulizaji ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto watatu, mwenye duka la vitenge na gomesi, yale magauni ya sherehe ya wanawake wa Uganda, katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda. Mume wake ni dereva wa lori la masafa marefu. Akienda Juba anaweza kukaa majuma mawili matatu bila kuonekana nyumbani. Mali ya duka hununuliwa kwa jumla Kikuubo, Kampala. Zamani alikuwa anakwenda mwenyewe, lakini baada ya kujifungua mtoto wa tatu safari zilimshinda, kazi hiyo akaichukua mdogo wa mume wake.

Shemeji huyu ana miaka ishirini na kidogo, ni mcheshi, na anapendwa na kila mtu. Kwenye sherehe za kwanjula, familia ya bwana harusi inapokwenda kutambulishwa kwa wakwe, yeye ndiye huitwa kuwa msemaji. Anajua methali za Kiganda na za Kisoga, anajua lini achekeshe na lini apige magoti. Kila safari ya Kampala alikuwa akipewa kama shilingi milioni mbili taslimu. Alirudi na mali, na karibu kila mara mali ilikuwa pungufu kidogo. Bei imepanda, alisema, au teksi imepandisha nauli, au mwenye duka hakuwa na chenji. Risiti haikuwahi kuonekana.

Mtu wa pili ni wifi, dada mkubwa wa mume. Ni mwalimu, mwanamke wa hesabu, asiyependa ujinga. Familia inapokusanyika humuuliza muulizaji mbele ya wote maswali kama, "Duka gani hilo ambalo kila mwezi linakopa?" Muulizaji hana jibu, wengine hutazama sahani zao.

Wa tatu ni binti wa dukani, wa miaka kumi na minane hivi, jamaa wa upande wa mume. Analala kwa muulizaji na kumsaidia kuuza.

Alipokuja kwangu, mwanamke huyu alikuwa ameshaambiwa na jirani yake wa sokoni kwamba biashara "imefungwa", na kwamba aliyeifunga ni mtu wa nyumbani. Aliketi, akavua viatu, akasema: "Mama, sitaki mengi. Nataka karata zinitajie ni nani."

## Kubadilisha swali

Nilimwambia, "Binti yangu, karata hazina majina ya watu, wala mimi sitatia jina ambalo karata haikuweka." Alinyamaza kidogo. Nikamwomba anieleze pesa ya duka inapita katika mikono ya nani tangu inapotoka kwenye droo mpaka inaporudi kama kitambaa. Katika kueleza hivyo ndipo wale watu watatu walipojitokeza, na swali likageuka kuwa hili: "Ninaishi na tabia gani kwa watu wanaoigusa biashara yangu, na kila tabia niipe nafasi gani?"

Kisha nikaandika nafasi tano kwenye karatasi kabla ya kuchanganya karata. Ya kwanza, hali ya biashara ilivyo. Ya pili, anayebeba pesa. Ya tatu, anayesema juu ya biashara. Ya nne, anayeiona biashara kila siku. Ya tano, yaliyo mikononi mwa muulizaji mwenyewe. Kuandika kabla ni kinga. Ukitandaza karata kwanza ndipo uanze kutafuta huyu Malkia ni nani, mteja atamvika taji yule aliyekosana naye jana. Hapa kila nafasi ilikuwa na mwenyewe kabla hatujaona picha hata moja.

Neno juu ya kupindua pia, maana wengi huharibu hapa. Karata haitapinduka kwa maana yoyote kama pakiti yako yote inatazama upande mmoja tangu ulipoinunua. Mimi huikata pakiti katikati, nageuza nusu moja, nachanganya juu ya meza kwa viganja, kisha mteja anakata. Wakati wa kufunua, nafunua kutoka ubavuni kama ukurasa wa kitabu. Ukifunua kutoka juu kwenda chini, iliyokuwa wima inakuwa imepinduka na iliyopinduka inakuwa wima, na usomaji wote umeupoteza bila kujua. Tena lazima iamuliwe mapema kwamba wima au kichwa chini vinahesabiwa kutoka upande wa msomaji, kwa sababu mteja aliyeketi mbele yako anaona kinyume.

## Karata zilizotoka

Nafasi ya kwanza ilitoka Sita ya Uru, imepinduka. Pichani tajiri ameshika mizani mkono mmoja na kwa mwingine anadondosha sarafu kwa watu wawili waliopiga magoti. Ikipinduka, pesa inatolewa bila kupimwa, na mikopo hairudi. Muulizaji aliitazama akacheka kwa uchungu. Hakuhitaji maelezo.

Ya pili ilikuwa Mpanda Farasi wa Kopa, amepinduka. Ya tatu, Malkia wa Shupaza, amepinduka. Ya nne, Tarishi wa Shupaza, naye amepinduka. Ya tano, Mbili ya Shupaza, wima: mwanamke amefungwa kitambaa machoni, ameketi mgongo kwa bahari, panga mbili amezipishanisha kifuani.

Karata tatu za watu katika tano ni nyingi. Kwa hesabu ya pakiti, ukitoa karata tano unatarajia moja hivi iwe ya mtu. Zikiwa tatu, nalichukulia swali kuwa la watu zaidi kuliko la soko: dawa yake haipo kwenye bei ya kitenge, ipo kwenye mpangilio wa nani anafanya nini.

Na zote tatu zimepinduka. Hapa ndipo msomaji anapojaribiwa. Mwongozo wa zamani wa A. E. Waite, aliyebuni karata hizi, humpa Mpanda Farasi wa Kopa aliyepinduka maana za hila, utapeli na undumakuwili. Malkia wa Shupaza humpa roho mbaya na udanganyifu. Tarishi wa Shupaza hata akiwa wima anapewa upelelezi, na akipinduka ni upande mbaya zaidi wa hayo hayo. Ningesoma maneno hayo kama yalivyo, mwanamke huyu angeondoka na mwizi mmoja, mchawi mmoja na mpelelezi mmoja, wote wakila chungu kimoja naye.

## Haijaiva, au inatumiwa vibaya?

Ninavyoisoma mimi, karata ya mtu ikipinduka bado ni yule yule mtu na kipaji kile kile. Kilichobadilika ni kwamba kipaji hicho ama hakijaiva, ama kimeiva lakini kinatumiwa mahali pabaya. Mambo haya mawili yanafanana kwa nje, na yote mawili yanaumiza, lakini yanataka hatua zilizo kinyume. Tabia ambayo haijaiva inataka kazi ndogo, usimamizi na muda. Tabia iliyoiva na inayotumiwa vibaya inataka mpaka, maana muda utaipa nguvu zaidi tu.

Cheo cha karata kinaonyesha pa kuanzia. Tarishi na Mpanda Farasi ni vijana; wakipinduka nashuku kwanza kutokuiva. Malkia na Mfalme wameshafika; wakipinduka nashuku kwanza matumizi mabaya. Lakini cheo ni pa kuanzia tu, kwa sababu nimeona mzee wa miaka sitini ametoka kama Tarishi na ikawa kweli. Kinachoamua ni mwenendo, na mwenendo unaupata kwa kumuuliza mteja.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza: mtu huyu anafanya hivi kwa kila mtu, pamoja na nafsi yake, au kwa walio chini yake tu? La pili: akibanwa, anafanya nini?

Tuanze na shemeji. Mpanda Farasi wa Kopa akiwa wima anakwenda taratibu juu ya farasi, kikombe amekishika mbele, mabawa kwenye kofia na kwenye visigino. Ni mtu wa mwaliko, wa posa, wa maneno matamu. Akipinduka, kikombe kinamwagika: ahadi zinabaki tamu lakini hazifiki. Nilimuuliza muulizaji kama kijana huyu pesa yake mwenyewe anaiweka. Alishangaa. "Huyo? Mama, hata simu yake aliiuza amchangie rafiki yake kwanjula." Akibanwa je? Anacheka, anaomba msamaha, kesho yake anawaletea watoto sukari na mkate. Mfuko unaovuja kwa kila mtu, wa mwenyewe ukiwa wa kwanza, haujaiva. Pesa za Kikuubo zilikuwa zikichangia harusi za marafiki, suti za kukodi na soda za watu wasiojulikana. Ni makosa, na muulizaji alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hapakuwa na mpango wa kumfilisi.

Wifi ni jambo jingine. Malkia wa Shupaza ameketi ubavu, upanga wima mkono wa kulia, wa kushoto ameunyoosha mbele, vipepeo kwenye taji na kwenye kiti, ndege mmoja juu angani. Kipaji chake ni kuona kweli na kuitamka bila kupakwa asali. Akipinduka, kweli inabaki kuwa kweli, ila inatumika kukata watu. Nikauliza: anasema hivyo kwa wote? Muulizaji akafikiri. Mbele ya baba yao mkubwa, mzee mwenye shamba la miwa ambalo familia nzima inalitegemea, wifi hasemi neno, hata mzee akikosea hesabu waziwazi. Kwa mume wa muulizaji anasema kwa upole. Kwa muulizaji na kwa shemeji, anachinja.

Jibu hilo lilinitosha. Anayeweza kuuzuia ulimi mbele ya mkubwa hakukosa uwezo wa kuuzuia. Anachagua. Kwa hiyo Malkia huyu nilimsoma kama kipaji kilichoiva na kinachotumiwa vibaya, na nikamwambia muulizaji jambo ambalo hakulipenda: kwamba swali la wifi, ukiliondoa lile tusi, ni swali sahihi. Duka gani linakopa kila mwezi? Kati ya watu wote wa nyumba ile, ni wifi peke yake aliyekuwa ameona shimo lilipo.

Alilionaje, wakati haji dukani? Hapo ndipo Tarishi alipoingia. Karata mbili za kundi moja, zote zimepinduka, moja ndogo na moja kubwa, mara nyingi zinalishana. Tarishi wa Shupaza anasimama juu ya ardhi ya mawe, upepo unavuma, upanga ameukamata kwa mikono miwili huku akitazama pembeni. Ni macho na masikio. Akipinduka, anakusanya habari bila kujua za nini na anazipeleka kwa yeyote anayemsikiliza. Binti wa dukani, kila Jumapili akienda kwa wifi kusukwa nywele, alikuwa akihadithia wiki nzima: nani kaja kudai, shemeji karudi na mabunda mangapi, mama mwenye duka kalia lini. Hakuna aliyekuwa amempa kazi nyingine ya macho yale.

## Maamuzi

Karata ya tano ndiyo iliyotupa mwanzo. Mwanamke wa Mbili ya Shupaza amejifunga macho mwenyewe; kamba haipo mikononi mwake, anaweza kukivua kitambaa wakati wowote. Muulizaji hakuwa na daftari la mauzo. Alikuwa akijua moyoni kuwa pesa zinapungua, na alikuwa akiogopa kujua ni kiasi gani. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kabla ya kumgusa mtu yeyote, angehesabu mali yote iliyopo dukani na kuandika. Nilimkataza pia kumwambia mtu "karata zimesema". Karata si ushahidi wa wizi. Ushahidi ni daftari na risiti.

Kwa shemeji, tuliamua kumwondolea taslimu, si kumwondolea kazi. Pesa ya mali ingetumwa kwa simu moja kwa moja kwa mwenye duka la jumla, naye angetuma picha ya risiti kabla shemeji hajapakia mzigo. Shemeji angebeba nauli na chakula tu. Sababu aliyopewa ilikuwa ya kweli na haikumdhalilisha: kutembea na milioni mbili mfukoni Kampala ni hatari. Lakini hatua ya pili ndiyo niliyoiamini zaidi. Kijana huyu anasimama mbele ya familia mbili katika kila kwanjula, na katika kila kwanjula akina mama wanahitaji gomesi. Kikombe kile kile kilichokuwa kinamwagika kingeweza kuleta wateja. Walikubaliana kwamba kila oda atakayoileta, atalipwa sehemu yake baada ya mteja kumaliza kulipa, kamwe si kabla. Mpanda Farasi ambaye hajaiva usimlipe ahadi kwa ahadi.

Kwa binti, ilikuwa rahisi. Alipewa daftari la kurasa mia na kalamu, akaambiwa aandike kila kinachouzwa, bei, na jina la anayechukua kwa mkopo. Jioni anamsomea mwenye duka.

Kwa wifi tulikaa muda mrefu. Mpaka peke yake, yaani kumwambia asiseme tena, ungemfanya aseme zaidi. Kazi peke yake ingempa upanga mkali zaidi. Nilipendekeza vyote viwili kwa pamoja: aombwe kukagua daftari mara moja kwa mwezi, kwa masharti matatu. Ukaguzi ufanyike nyumbani kwa muulizaji. Wawe wawili tu. Na atakachokikuta kisitoke nje mpaka mume wa muulizaji awe amekisikia kwanza.

## Yaliyotokea

Hesabu ya kwanza ilimuumiza, kama ilivyotarajiwa. Lakini kuanzia safari ya kwanza iliyolipwa kwa simu, mzigo ulifika kamili, na bei ambazo "zilikuwa zimepanda" zilirudi chini kidogo. Shemeji hakubisha. Safari ya pili alichelewa siku mbili kwa sababu alipita kwenye sherehe ya rafiki yake Iganga, na mabunda yakalala kwenye stoo ya watu. Muulizaji alikasirika, akanipigia. Nilimuuliza, "Mzigo ulifika kamili?" Ulikuwa umefika. Hivi ndivyo kutokuiva kunavyopungua, sehemu sehemu. Mwezi uliofuata alileta oda ya gomesi nane kwa harusi moja, akasubiri malipo mpaka mteja wa mwisho alipolipa, na muulizaji akasema hajawahi kumwona kijana yule akijivunia pesa kiasi kile.

Binti aliandika. Mwandiko mbaya, hesabu nzuri. Wiki chache baadaye yeye ndiye aliyegundua kwamba mteja mmoja wa mkopo alikuwa akichukua kwa majina mawili.

Wifi alikubali kukagua, na alikagua vizuri kuliko mhasibu. Mara ya kwanza aliketi na kalamu nyekundu, akapiga mstari, akaeleza wapi faida ilikuwa imehesabiwa kama mtaji. Muulizaji alijifunza kwake jioni moja mambo ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Mara ya pili alirudi nyuma, akachukua makadirio ya safari za zamani, akajumlisha, akapata jumla ya kilichopotea mikononi mwa mdogo wake. Majuma mawili baadaye, kwenye matanga ya jamaa, baba mkubwa alimsifu shemeji kwa jinsi alivyowahudumia wageni. Wifi akaitaja ile jumla, mbele ya watu waliokaa kwenye mikeka.

Shemeji aliinuka akaondoka. Hakuonekana dukani kwa karibu mwezi mzima, na oda mbili alizokuwa amezianza zilipotea naye.

## Uchambuzi

Nilipomuuliza muulizaji kuhusu yale masharti matatu, aliniambia alitoa mawili. La tatu lilimshinda. "Mama, mimi ni mke wa mdogo wake. Nitamwambiaje wifi yangu, shangazi wa watoto wangu, afunge mdomo?" Namwelewa kabisa. Sharti lile lilikuwa sahihi na midomo ya kulisema haikuwa yake. Na ndilo lililokuwa mpaka wenyewe. Yale mawili ya kwanza yalipanga tu mahali na watu. Kwa hiyo Malkia alipewa kazi bila mpaka, na akafanya kile ambacho Malkia wa Shupaza aliyepinduka hufanya: alichukua kweli aliyoipata kwa haki akaikatia mtu hadharani. Tazama pia alichagua nani. Mbele yake alikuwapo baba mkubwa, lakini upanga ulimwendea mdogo wake. Ni kipimo kile kile cha kwanza, na kilijibu vile vile.

Kwa upande mwingine, kilichofanya kazi kilifanya kazi kwa sababu tulimtenganisha shemeji na wifi mapema. Kama wote wangesomwa kwa namna moja, kama maadui, shemeji angefukuzwa na duka lingepoteza mtu pekee anayeweza kuleta oda za harusi. Kama wote wangesomwa kwa huruma, kama watoto wanaohitaji muda, wifi angepewa muda. Pesa kutumwa kwa simu haikumbadilisha kijana. Ilimwondolea tu kitu ambacho mikono yake haikuwa tayari kukishika, huku ikimwachia alichokiweza. Na binti alibadilika haraka kuliko wote. Nimeliona hili kwa Matarishi wengi: akipewa pa kupeleka anachokiona, umbea hupungua wenyewe. Hakuacha kwenda kusukwa nywele Jumapili, ila sasa habari zenyewe zilikuwa zimeshasomwa jioni kwa mwenye duka, hazikuwa na ladha tena.

Mume aliporudi kutoka Juba, alikaa na dada yake faragha. Yeye aliweza kulisema lile sharti la tatu, kwa sababu ni kaka, na duka ni la nyumba yake. Wifi alikasirika, akarudisha daftari, na hadi ninapoandika hajaliomba tena. Anauliza habari za duka kwa sauti ya kawaida, na hilo muulizaji anasema linamtosha kwa sasa. Hesabu anaifunga binti, na kila Jumamosi picha ya ukurasa inatumwa kwa mume kwa WhatsApp popote alipo njiani. Shemeji alirudi Desemba, msimu wa sherehe ulipopamba moto. Aliingia dukani na oda mkononi, na muulizaji akampokea bila kuuliza alikokuwa.

Mpangilio wangu wa nafasi tano nimeuongezea ya sita, na naitumia pale tu Malkia au Mfalme anapotoka amepinduka na mwenendo unaonyesha matumizi mabaya. Nafasi hiyo inauliza: nani anaweza kumwambia mtu huyu "basi" na akasikia? Mara nyingi aliyeketi mbele yangu siye. Ikitoka karata ya mtu aliye wima, tunamtafuta katika ukoo au kazini na kumpelekea sharti lile alisemee. Ikitoka karata isiyo ya mtu, au mtu mwingine aliyepinduka, namshauri muulizaji asimpe kazi yule mwenye upanga mpaka msemaji apatikane, hata kama hesabu zake zinahitajika sana.